Mtoto mchanga ana macho ya manjano kwenye picha: mwanga unavyodanganya, na lini apimwe damu

Umepiga picha ya mtoto wako wa siku tatu na kuituma kwa WhatsApp kwa ndugu walio mbali. Baada ya dakika chache jibu linarudi: «Dada, mbona mtoto ana macho ya njano?» Unamtazama mtoto, unatazama simu, na huelewi uamini kipi. Au mambo yako kinyume: wewe mwenyewe unaona mtoto amebadilika rangi, lakini kwenye picha anaonekana mzima kabisa, na kila mtu anakuambia usiwe na wasiwasi.

Makala hii inakueleza kwa nini picha ya simu haiwezi kumaliza ubishi huu, namna ya kumtazama mtoto vizuri ukiwa nyumbani, na ni wakati gani mtoto anahitaji kupimwa kiasi cha bilirubini katika damu. Inawahusu wakimbizi na wenyeji pia. Mifano tumeichukua katika makazi ya Uganda, lakini dalili na hatua ni zile zile hata kama uko Tanzania, Kenya, Burundi au Rwanda.

Manjano ya mtoto mchanga ni nini?

Kwanza, hii si homa ya manjano. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine unaoletwa na mbu. Manjano ya mtoto mchanga hayaambukizi, na hayamaanishi kwamba mama amekula kitu kibaya.

Chembe nyekundu za damu zinapochakaa, mwili huzivunja. Katika kuzivunja hutokea kitu cha rangi ya manjano kinachoitwa bilirubini. Mtoto akiwa tumboni, bilirubini yake hupita kwenye kondo la nyuma na kuondolewa na mwili wa mama. Akishazaliwa, ini lake lenyewe linapaswa kuifanya kazi hiyo, nalo bado ni changa. Wakati huo huo, mtoto mchanga ana chembe nyingi nyekundu, na chembe zake huishi muda mfupi kuliko za mtu mzima. Kwa hiyo katika siku za mwanzo bilirubini huingia haraka kuliko inavyotoka, na inayobaki hujikusanya kwenye ngozi na kwenye weupe wa macho.

Zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi huonyesha manjano kidogo katika wiki ya kwanza, na kwa waliozaliwa kabla ya wakati ni wengi zaidi. Kwa kawaida huanza siku ya pili au ya tatu, huzidi kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha hupungua na kuisha ndani ya wiki mbili. Watoto wengi hawa hawahitaji dawa yoyote. Wanahitaji kunyonya mara nyingi, kwa sababu bilirubini hutoka mwilini kwa njia ya kinyesi.

Hatari iko kwa wale wachache ambao bilirubini yao inapanda sana. Ikipita kiwango fulani, inaingia kwenye ubongo na kuuharibu. Mtoto anaweza kufa, au akapona na kubaki kiziwi, au akawa na mwili usiotii, mikono na shingo vikijipinda vyenyewe maisha yake yote. Uharibifu huo ukishatokea, hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Lakini ukiwahi kabla haujatokea, tiba ni taa maalumu ya bluu kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana saa chache zina uzito mkubwa hapa.

Kwa nini picha inadanganya?

Kati ya ngozi ya mtoto na jicho la anayetazama picha kuna vituo vitatu, na kila kimoja kinaweza kubadilisha rangi.

Kituo cha kwanza ni mwanga ulioko nyumbani. Bilirubini inaonekana ya manjano kwa sababu inameza sehemu ya bluu ya mwanga na kurudisha iliyobaki. Ili jicho liuone upungufu huo wa bluu, lazima mwanga wenyewe uwe na bluu ya kutosha tangu mwanzo. Mwanga wa mshumaa, wa kibatari au wa balbu ya zamani ya manjano una bluu kidogo sana. Chini ya mwanga huo kila mtu anaonekana wa manjano: mtoto, mama, na hata shuka jeupe. Mtoto mzima anaonekana mgonjwa, na mtoto mgonjwa hatofautiani na wengine.

Turubai nalo ni kama miwani ya rangi. Mchana jua likipita kwenye turubai la bluu au hema la kijani, mwanga unaofika ndani unakuwa wa rangi hiyo na unaweza kuficha manjano kabisa. Ukuta wa udongo mwekundu, kitenge cha njano ulichomfungia mtoto, au blanketi la rangi ya chungwa vyote hurudisha rangi yao usoni mwa mtoto. Mtu anaweza kuapa kwamba mtoto amekuwa wa manjano, kumbe anachokiona ni kitenge.

Kituo cha pili ni simu yenyewe. Simu haichukui rangi kama ilivyo. Kila unapobonyeza, inakisia mwanga uliopo ni wa aina gani, kisha inasahihisha picha ili vitu vionekane vya kawaida. Kama uso wa mtoto wenye manjano umejaa kioo chote, simu inaweza kudhani kwamba taa ndiyo ya manjano, ikaongeza bluu. Manjano yanafutwa na mashine ambayo ilitaka tu kupendezesha picha. Ukisogeza simu kidogo hadi kitambaa cheupe kiingie kwenye picha, rangi ya ngozi inabadilika mbele ya macho yako, ingawa mtoto hajabadilika. Simu nyingi pia zina mpangilio wa kulainisha na kung'arisha uso, na mara nyingi unafanya kazi bila wewe kuuwasha. Flashi nayo ikipigwa karibu huung'arisha uso kiasi kwamba rangi inapotea.

Kituo cha tatu ni kioo cha simu ya anayeipokea. Picha ikitumwa hupunguzwa ukubwa, na sehemu ya rangi inapotea njiani. Kisha mpokeaji anaweza kuwa amewasha mpangilio wa usiku unaofanya kioo kuwa cha manjano ili macho yasiumie. Yeye anaona manjano ambayo kwenye simu yako hayapo.

Watu hujaribu kukwepa tatizo hili kwa kuweka kitambaa cheupe kando ya mtoto. Hilo linasaidia kidogo: kama kitambaa cheupe kinaonekana cha manjano kwenye picha, ujue mwanga ndio wa manjano na picha hiyo haifai kitu. Lakini hata kitambaa kikionekana cheupe safi, picha haiwezi kukuambia kiasi cha bilirubini. Ziko programu za simu zilizotengenezwa na watafiti kwa kazi hii, kama `neoSCB`, ambayo imejaribiwa kwa watoto nchini Ghana na inapima rangi ya weupe wa jicho. Programu ya namna hiyo hufanya hesabu ya kuondoa mwanga wa chumba, jambo ambalo kamera ya kawaida haifanyi, na hutumiwa na wahudumu waliofundishwa. Picha ya kawaida ya WhatsApp si kipimo.

Kwa hiyo shika kanuni hii moja: picha inaweza kukuamsha, lakini haiwezi kukutuliza. Kama picha inaonyesha manjano, mtoe mtoto kwenye mwanga mzuri umtazame. Kama picha haionyeshi manjano lakini wewe unayaona kwa macho yako, au mtoto hanyonyi vizuri, picha isikuzuie kwenda kituo cha afya.

Namna ya kumtazama mtoto nyumbani

Fanya hivi mara moja asubuhi na mara moja kabla jua halijazama, kila siku katika wiki ya kwanza.

1. Mpeleke mtoto karibu na mlango au dirisha mchana, mahali penye mwanga wa nje lakini si kwenye jua kali. Kama nyumba yako ni ya turubai, toka naye hadi kivulini.
2. Mfungue nguo kwa muda mfupi. Ondoa kitenge na blanketi lenye rangi kali, umweke juu ya kitambaa cheupe au cha rangi iliyopauka. Kama kuna baridi, mfunue sehemu moja moja.
3. Tazama weupe wa macho. Usimlazimishe kwa kumvuta kope. Mtoto mchanga ukimnyanyua akae wima taratibu, mara nyingi hufumbua macho mwenyewe.
4. Tazama ufizi ndani ya mdomo.
5. Bonyeza kwa kidole kwenye paji la uso, kisha kifuani, uachie. Kwa nukta moja au mbili ngozi inakuwa imepauka kabla damu haijarudi. Tazama kama hapo palipopauka pana manjano.
6. Mwisho, tazama viganja vya mikono na nyayo za miguu.

Kwa watoto wenye ngozi nyeusi, ngozi ya uso na mwili huficha manjano kwa urahisi. Macho, ufizi, viganja na nyayo ndizo sehemu za kutegemea. Kumbuka pia kwamba watoto wengi huzaliwa wakiwa na rangi nyepesi kuliko watakayokuwa nayo baadaye. Usifarijike mtu akikuambia, «Huyu ni mweupe tu kama baba yake.» Weupe wa jicho hauna kabila wala ukoo, kama ni wa manjano, ni wa manjano.

Kwa kawaida manjano huanza usoni na kushuka kuelekea miguuni kadiri bilirubini inavyopanda. Kwa sababu hiyo, manjano yaliyofika viganjani na kwenye nyayo huchukuliwa kuwa makali. Lakini kinyume chake hakiaminiki: manjano yaliyoishia usoni au kifuani hayathibitishi kwamba kiwango ni kidogo. Hata daktari mzoefu hukosea akikisia kwa macho. Macho yanatosha kuamua kwamba mtoto apelekwe; hayatoshi kuamua kwamba mtoto ni salama.

Lini mtoto lazima apelekwe leo leo?

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja, usiku au mchana, ukiona moja tu kati ya haya:

- Manjano yoyote, hata kidogo, kabla hajatimiza saa 24 tangu azaliwe. Manjano ya siku ya kwanza hayahesabiwi kuwa ya kawaida. Mara nyingi yanaonyesha kwamba damu ya mtoto inavunjika kwa kasi.
- Viganja au nyayo zenye manjano, umri wowote.
- Mtoto mwenye manjano ambaye analala sana na ni vigumu kumwamsha anyonye, ananyonya kwa unyonge, au amelegea.
- Kilio chembamba cha juu kisicho cha kawaida, kukunja mgongo na shingo kuelekea nyuma, degedege, joto kali au mwili wa baridi. Hizi zinaweza kuwa dalili kwamba ubongo umeanza kuguswa, au kwamba mtoto ana maambukizi.

Mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama ananyonya na kuchangamka, ikiwa ana manjano na mojawapo ya mambo haya: amezaliwa kabla ya wiki 37, alikuwa na uzito chini ya kilo 2.5, ana uvimbe mkubwa wa damu kichwani au michubuko mingi kutokana na kuzaliwa kwa shida, kaka au dada yake aliwahi kuwekwa kwenye taa kwa sababu ya manjano, au mama ana damu ya kundi O au ya Rh hasi. Damu ya mama wa kundi O inaweza kuwa na askari wanaoshambulia chembe za mtoto wa kundi A au B. Kundi lako mara nyingi limeandikwa kwenye kadi ya kliniki ya wajawazito, basi ichukue unapokwenda.

Mtoto mwingine yeyote ambaye manjano yanaonekana wazi aonwe na muuguzi au mkunga bila kungoja tarehe ya chanjo. Kama anaruhusiwa kurudi nyumbani bila kupimwa damu, uliza siku ya kurudi. Kwa kawaida ni kesho yake, si wiki ijayo.

Liko kundi moja zaidi ambalo husahaulika. Kama manjano hayajaisha baada ya siku 14, mtoto anahitaji kuchunguzwa, hata akiwa mnene na mchangamfu. Tazama choo chake. Kinyesi cheupe au cha rangi ya majivu, pamoja na mkojo wa manjano iliyokolea unaochafua nepi, ni dalili kwamba nyongo haipiti. Baadhi ya watoto hawa wanahitaji upasuaji, na upasuaji huo hufaa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza miezi miwili. Katika kipimo cha damu, mwambie daktari kwamba manjano yamepita wiki mbili, kwa kuwa hapo bilirubini inapaswa kupimwa kwa sehemu zake mbili, si jumla tu.

Kipimo chenyewe kikoje?

Njia ya uhakika ni damu. Muuguzi anamchoma mtoto kidogo kisiginoni au anatoa damu kwenye mshipa, na maabara inapima. Kiasi cha damu ni kidogo, hakimpunguzii mtoto nguvu. Chupa ya damu hiyo inafaa kukingwa na jua, kwa sababu mwanga huvunja bilirubini na kufanya jibu litoke dogo kuliko ukweli. Hospitali nyingine zina kifaa kidogo kinachogusishwa kwenye paji la uso au kifuani na kusoma bilirubini kupitia ngozi bila sindano. Kifaa hicho ni kizuri kwa kuchuja, lakini kikionyesha namba ya juu, damu hupimwa ili kuhakikisha.

Jibu huandikwa kwa vipimo viwili tofauti, na hapa watu huchanganyikiwa. Maabara moja inaandika mg/dL, nyingine µmol/L. Namba 15 kwa kipimo cha kwanza ni sawa na karibu 257 kwa cha pili. Unazidisha mara 17.1. Kwa hiyo ukiona 250 kwenye karatasi usidhani mtoto ana mara kumi na tano ya yule wa 16. Soma kilichoandikwa kando ya namba.

Namba peke yake haisemi kitu mpaka iwekwe pamoja na umri wa mtoto kwa saa, miezi aliyozaliwa nayo, na hali yake. Namba 10 inaweza kuwa ya kawaida kwa mtoto mwenye afya wa siku nne, na ikawa ya hatari kwa mtoto wa saa ishirini. Ndiyo maana muuguzi atakuuliza saa kamili aliyozaliwa mtoto. Iandike mapema, usije ukaikisia.

Vituo vidogo vingi havina kipimo hiki. Hilo si sababu ya kurudishwa nyumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika katika vituo vya ngazi ya chini unamtaka mhudumu ampe rufaa ya haraka mtoto mwenye manjano kabla ya saa 24, au mwenye viganja na nyayo za manjano, bila kungoja namba. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo, uliza wazi: «Je, hapa mnapima bilirubini? Kama hampimi, tunaomba rufaa ya kwenda panapopimwa.»

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mama katika makazi ya magharibi mwa Uganda. Amejifungua Jumatatu saa kumi alfajiri, mimba ikiwa ya wiki 36. Mtoto ana kilo 2.3. Mama ni wa kundi O. Jumanne anaruhusiwa kwenda nyumbani.

Jumatano jioni anampiga mtoto picha chini ya taa ya sola yenye mwanga mweupe, sura ikijaa kioo. Mtoto anaonekana mzuri, na ndugu wote wanampongeza. Usiku huo huo mama mdogo wa mtoto anapiga picha nyingine kwenye mwanga wa kibatari. Safari hii mtoto anaonekana wa manjano, lakini hata mto ulio chini yake ni wa manjano. Wanabishana mpaka wanalala. Picha zote mbili hazina jibu: ya kwanza imefuta rangi, ya pili imeipaka kila kitu.

Alhamisi asubuhi mhudumu wa afya wa kijiji, yule anayeitwa VHT, anapita. Hatazami simu. Anamwambia, «Mama, tumtoe nje kidogo.» Kivulini weupe wa macho ni wa manjano wazi, na kifua kikibonyezwa kinaacha alama ya manjano. Viganja bado. Anauliza mtoto amenyonya mara ngapi tangu jana. Mama anahesabu: mara tano, naye hulala katikati ya kunyonya. Nepi zilizolowa ni mbili tu. Mtoto wa umri huu anatakiwa kunyonya mara nane au zaidi kwa siku na usiku, na kufikia siku ya nne au ya tano kulowesha nepi kama sita. Mhudumu anaandika rufaa.

Saa nne asubuhi damu inachukuliwa hospitalini. Mtoto ana saa 78. Jibu: 17.5 mg/dL, yaani karibu 299 µmol/L. Katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha huduma za watoto hospitalini, kuanzia siku ya tatu mtoto mwenye afya aliyetimiza miezi huwekwa kwenye taa akifikia 18. Mtoto aliyezaliwa mapema au mwenye sababu nyingine ya hatari huwekwa akifikia 15. Mtoto wetu ni mdogo, kazaliwa mapema, ananyonya kwa unyonge, na huenda damu yake inagombana na ya mama. Kwake 17.5 si «bado kidogo ifike 18». Kwake tayari imepita. Anaingizwa kwenye taa saa hiyo hiyo.

Tazama kilichoamua jambo hili: saa ya kuzaliwa, wiki, uzito, kundi la damu, idadi ya kunyonya, na namba ya maabara. Kwa hiyo ukilazimika kumwandikia muuguzi au VHT kwa simu kabla hujafika, mwandikie mambo hayo. Ujumbe wa maneno wa namna hiyo unamsaidia kuliko picha kumi. Hospitali yako inaweza kutumia jedwali lenye namba tofauti kidogo. Usitumie namba za hapa kukataa au kudai matibabu.

Kwenye taa, na baada ya taa

Mtoto hulazwa uchi chini ya mwanga wa bluu, macho yakiwa yamefunikwa. Mwanga huo unaibadilisha bilirubini iliyo kwenye ngozi iwe ya namna ambayo mwili unaweza kuitoa kwa urahisi. Si mionzi ya kuunguza. Mtoto anaendelea kunyonya, na choo chake kinaweza kuwa chepesi. Hilo ni la kutarajiwa.

Hapa macho yanadanganya tena. Taa inaisafisha ngozi kabla haijamaliza kazi ndani ya damu. Baada ya saa chache mtoto anaweza kuonekana hana manjano, na familia ikataka kuondoka naye. Kuanzia hapo rangi ya ngozi haina maana. Damu ndiyo inayoonyesha kama ameshuka. Na baada ya kuzimwa taa, bilirubini inaweza kupanda tena, hasa kwa waliozaliwa mapema. Kabla ya kuondoka uliza: «Atapimwa tena lini?»

Mambo yanayochelewesha au kudhuru

Jua si badala ya taa. Huwezi kupima kiasi anachopata, na mtoto aliyeachwa uchi juani anaweza kuungua, kukaukiwa maji au kupata baridi jioni. Ubaya mkubwa zaidi ni siku mbili zinazopotea mkiwa mnasubiri jua lifanye kazi.

Usimpe maji, maji ya sukari wala dawa za miti shamba. Yanajaza tumbo, ananyonya kidogo, anapata choo kidogo, na bilirubini inayotakiwa kutoka inarudi kwenye damu. Maziwa ya mama, mara nyingi, ndiyo yanayoisukuma nje.

Nguo zilizohifadhiwa na vidonge vya nondo, vile vyeupe vinavyonuka vinavyoitwa naftalini, zisimguse mtoto mchanga. Katika maeneo yenye malaria watu wengi huzaliwa na upungufu wa kitu kinachoitwa G6PD, ambao hauonekani kwa macho. Kwa mtoto mwenye upungufu huo naftalini inaweza kuvunja damu kwa ghafla, na manjano yakapanda vibaya ndani ya siku moja. Kama umepewa nguo za mtoto zenye harufu hiyo, usimvalishe.

Unapokwenda kituoni

Mchukue mtoto akiwa amegusana ngozi kwa ngozi na kifua chako, mfunike, na umnyonyeshe njiani. Kama hana nguvu ya kunyonya, kamua maziwa umpe kwa kikombe kidogo, mradi anaweza kumeza. Beba kadi ya kliniki ya mama na karatasi ya kuzaliwa kwa mtoto kama unayo. Usisubiri mtoto aandikishwe kwenye orodha ya familia kwanza, na usisubiri baba arudi. Hapa Uganda mkimbizi na mwenyeji wanahudumiwa katika vituo vile vile vya serikali. Kama huna usafiri, mwite VHT wa eneo lako au kiongozi wa kijiji akusaidie kuomba gari la wagonjwa, na mwambie maneno haya: mtoto mchanga, saa kadhaa tangu azaliwe, ana manjano, hanyonyi vizuri.

Mtoto akishakuwa mikononi mwa muuguzi, simu iweke mfukoni. Kinachotakiwa sasa ni tone la damu na saa aliyozaliwa.